"Haifanyi": namna ya kuuliza mpaka ujue ni nini kisichofanya

Ujumbe wote ulikuwa neno moja: "Haifanyi."

Uliingia baada ya sala ya Isha, kutoka kwa ami mmoja, nahodha wa mashua, anayewapeleka wageni kwenye magofu ya Takwa maji yakijaa. Mimi nina kiduka cha simu na uchapishaji hapa Lamu, upande wa Mkomani, na ujumbe wa namna hii naupata karibu kila siku. Wengine huja dukani, wakaiweka simu juu ya meza na kusema neno lile lile. Mwongozo huu nauandika kwa kijana yeyote ambaye jamaa zake wamemfanya fundi wa nyumba: anayepigiwa na mama, na khalati, na jirani, kisha akakaa na neno "haifanyi" asijue ashike wapi. Nitafuata kisa cha ami yule tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kilinionyesha karibu kila kosa ambalo mwulizaji anaweza kulifanya.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Simu, laini, intaneti, chaja, betri, programu, printa, skrini, M-Pesa, namba ya siri: vyote hivi kwa Kiswahili husemwa "haifanyi". Ngeli imevikusanya pamoja, na msemaji ambaye kitu chake kiko mkononi haoni haja ya kukitaja, maana yeye anakiona. Wewe hukioni. Lakini ngeli hiyo hiyo wakati mwingine hukusaidia, ukitega sikio. Mtu akisema "haufanyi", kuna uwezekano mkubwa anasema mtandao. Akisema "halifanyi", huenda ni neno la siri au bando. "Hakifanyi" mara nyingi ni kitufe au kioo. Watu wa kwetu hawapotezi upatanisho hovyo, kwa hiyo silabi ile ya mwanzo isikilize kabla hujauliza lolote.

Hatua ya 1: Tazama ujumbe umekujia kwa njia gani

Ujumbe wa ami ulikuja kwa meseji ya kawaida. Nikasimama hapo kidogo, kwa sababu mzee huyu hajaniandikia meseji tangu ajue kurekodi sauti kwenye WhatsApp. Yeye hurekodi tu, akaachilia.

Kabla sijamwuliza neno, basi, nilikuwa na mambo manne mkononi. Simu inawaka. Ina chaji. Laini iko hewani na ina salio la kutuma meseji. Na kuna sababu iliyomfanya asitumie WhatsApp usiku ule. Hilo la mwisho ni dhana tu, lakini ni dhana yenye mashiko.

Mtu akikutumia "haifanyi" kwa WhatsApp, basi WhatsApp na intaneti zinafanya kwenye simu aliyoishika. Akikupigia kwa simu ya mwanawe, uliza mapema, "Hii unayonipigia ndiyo yenye shida, au ni nyingine?" Nimewahi kumwelekeza mama mmoja robo saa nzima abonyeze hapa na pale, naye anabonyeza simu ya binti yake ambayo haikuwa na tatizo lolote. Simu yake ilikuwa imelala kitandani.

Hatua ya 2: Usitoe dawa bado

Ulimi huwasha hapa. Kuna majibu matatu ambayo kila mmoja wetu anayo tayari: "Izime uiwashe", "Nunua bando", na "Ifute uiweke upya". Yazuie yote.

La kwanza halina madhara makubwa, lakini hufuta ushahidi. Kama kuna maandishi kwenye skrini, yataondoka pamoja na simu kuzimika, na huenda yasirudi mpaka kesho kutwa. La pili hula pesa ya mtu bila yakini. La tatu ndilo la hatari. Ukimwambia mtu aifute WhatsApp, na simu yake haina nakala ya mazungumzo iliyohifadhiwa, mazungumzo yote yanakwenda. Nililifanya kosa hili miaka ya nyuma kwa khalati yangu. Tatizo lilikuwa simu imejaa picha, programu haina nafasi ya kupumua, ingetosha kufuta video chache. Mimi nikamwambia afute programu. Sauti za mwanawe aliyekuwa safarini, alizokuwa akizirudia kusikiliza, hazikupatikana tena. Tangu siku hiyo, neno "ifute" silitoi mpaka nijue kilichoharibika na niulize kuhusu nakala.

Jibu lako la kwanza liwe la kumtuliza na kumzuia asiendelee kubonyeza. Nilimpigia ami, nikamsalimu, tukaulizana habari za nyumbani kama ilivyo desturi, kisha nikamwambia, "Ami, iache kama ilivyo, usibonyeze kitu. Nitakuuliza maswali machache, tutaijua."

Salamu hizi si za kupamba. Mtu mzima ambaye simu imemkataa huwa na hasira na aibu kidogo, na akihojiwa papo hapo husema "sijui" kwa kila swali. Swali la "Umefanya nini?" usilitumie kabisa. Kwake lina harufu ya lawama, na mtu anayehofia lawama huificha ile sehemu unayoitaka: kwamba simu iliingia maji, au mjukuu aliichezea.

Hatua ya 3: Uliza alitaka kufanya nini, kisha mpe vitenzi achague

Usiulize "Shida ni nini?" Yeye tayari ameshakujibu hilo: haifanyi. Uliza, "Ulikuwa unataka kufanya nini?"

"Nataka kumjibu mgeni wa kesho," akasema ami. "Ameniuliza saa ya kuondoka."

"Unamjibu kwa njia gani?"

"Kwa WhatsApp, mwanangu. Nyingine ipi?"

Sasa tuna chombo na tuna kazi. Linabaki swali la ni wapi kazi ile inakwama, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao ni hasara kuuacha. Badala ya neno moja "haifanyi", mpe vitenzi vitatu au vinne vilivyopangwa kwa mwendo wa kazi yenyewe, achague kimoja: "Haifunguki, au inafunguka lakini haiandikiki, au unaandika lakini ujumbe hauondoki, au unaondoka lakini haumfikii?"

Kila kitenzi kina mahali pake. Isiyofunguka, tatizo liko kwenye programu au kwenye simu yenyewe. Ujumbe usioondoka, kwenye WhatsApp hubaki na alama ndogo ya saa pembeni, na maana yake bado uko kwenye simu ya mtumaji: tazama intaneti. Wenye tiki moja ya kijivu umeshatoka, umefika kwa WhatsApp, lakini simu ya yule mwingine haijaupokea. Huenda imezimwa, haina data, au mwenyewe amemfungia mtumaji. Hapo huna la kutengeneza kwenye simu ya huyu. Tiki mbili, umefika. Nimeletewa simu nyingi dukani "hazifanyi", kumbe zinafanya vizuri kabisa, ni mpokeaji tu aliyezima yake.

Ami alisema, "Inafunguka, halafu inaniletea maandishi ya Kizungu, hainiachi niingie."

Hatua ya 4: Uliza kinachofanya

Watu husahau hatua hii, nami naipenda kuliko zote. Mtu aliyekwama huona kila kitu kimekufa. Ukimwuliza kinachofanya, anakuchorea mpaka wa tatizo bila kujua.

Pima kutoka chini kwenda juu. Kupiga simu na kutuma meseji huhitaji laini tu. M-Pesa ya kwenye menyu ya laini, au ya kupiga *334#, nayo haihitaji intaneti. WhatsApp na Chrome huhitaji intaneti. Kwa hiyo ukijua kipi kinakwenda na kipi kimesimama, unajua ngazi iliyovunjika.

Meseji ilikuwa imeshatoka, na tulikuwa tunaongea. Nikamwuliza kama ametuma pesa leo kwa M-Pesa. Alikuwa amelipia mafuta ya injini alasiri, bila tabu. Laini basi ni nzima. Swali likawa: je, ni intaneti yote iliyokatika, au ni WhatsApp peke yake?

Hapa kuna mtego unaohitaji tahadhari. Ukiwa unaongea na mtu kwenye simu ile ile yenye shida, huenda data yake ikasimama au ikapungua kasi kwa sababu ya hayo mazungumzo yenyewe, hasa simu za zamani na mahali ambapo mtandao umeshuka hadi 2G. Akijaribu Chrome huku mnaongea, ikakataa, utahukumu intaneti bila hatia. Mwambie akate, ajaribu, kisha umpigie tena, au aongee nawe kwa simu nyingine.

Nilimwambia, "Ami, nitakata. Fungua Chrome, ile duara ya rangi, andika jina la gazeti lolote, ubonyeze kwenda. Usirudi nyuma. Kitakachotokea kiache hapo hapo, nitapiga baada ya dakika mbili."

Na mwulize amekaa wapi. Kwa miji mingine hili laweza kuwa swali dogo, lakini nyumba zetu za mji wa kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na chumba cha ndani kabisa, chini, huzuia mawimbi kama pango. Simu ile ile ikipelekwa kwenye daka la mlangoni, au kiwandani, ule ua wa ndani ulio wazi, au juu darini, hupata vijiti vitatu. Ami alikuwa amekaa dakani, nje kabisa. Hilo nikaliondoa.

Hatua ya 5: Pata maneno ya skrini kama yalivyo

Nilipompigia tena akasema, "Hii nayo imeniletea Kizungu."

Usimwulize "Inasemaje?" Mtu asiyesoma Kiingereza atakujibu kwa maana anayoikisia: "Inasema hakuna mtandao", kwa sababu hilo ndilo alilolizoea. Unataka herufi, si tafsiri. Njia nzuri ni simu ya mtu mwingine ipige picha ya skrini ile na kukutumia. Kama simu yenyewe bado inaweza kutuma, nyingi za Android hupiga picha ya skrini ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na kile cha kupunguzia sauti. Kama hakuna mtu karibu, na akope dakika yako: asome herufi moja moja, nawe uandike.

Ami alikuwa peke yake. Nikamwambia atafute maandishi madogo ya herufi kubwa tupu yenye vistari vya chini, aanzie hapo. Akasoma kwa subira, N, E, T, nukta mbili, nukta mbili tena, na karatasini kwangu ikatoka hii:

```
NET::ERR_CERT_DATE_INVALID
```

Mstari ule ulitosha. Kama intaneti ingekuwa imekatika, Chrome ingeandika kitu kingine, kwa mfano:

```
ERR_INTERNET_DISCONNECTED
DNS_PROBE_FINISHED_NO_INTERNET
```

Lakini mstari wa ami ulikuwa na neno DATE, yaani tarehe. Kila tovuti unayoifungua kwa usalama huionyesha simu yako cheti, na cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, kama pasi ya kusafiria. Simu hulinganisha siku hizo na kalenda yake yenyewe. Kalenda ikiwa imerudi nyuma miaka, cheti cha leo huonekana hakijaanza kutumika, na simu inakataa kuendelea. WhatsApp nayo huitazama tarehe ya simu, na ikiwa mbaya haikuachi uingie. Ndiyo maana Chrome na WhatsApp zilikataa pamoja, huku simu, meseji na M-Pesa ya laini zikiendelea kama kawaida, kwa kuwa hizo haziitazami tarehe ya simu.

"Ami, hapo juu simu inasema leo ni tarehe gani?"

Kimya kidogo. "Inasema Januari mosi, elfu mbili na kumi na sita."

Fikiria kama ningemwambia anunue bando. Angenunua, ingekataa, angenunua tena.

Hatua ya 6: Uliza mara ya mwisho ilipofanya, na kilichopita katikati

Ungeweza kusahihisha tarehe na kulala. Lakini usipojua kwa nini tarehe iliruka, itaruka tena, na safari hii mzee atakuwa katikati ya mkondo wa Mkanda akimsubiri mgeni. Uliza maswali mawili kwa mfuatano: "Mara ya mwisho ilifanya lini?" na "Tangu wakati ule simu imepitia nini?" Ukitaka kumsaidia kukumbuka, mtajie mambo yanayompata kila mtu: maji, kuanguka, betri kutolewa, laini kubadilishwa, chaji kwisha kabisa, mtoto kuichezea. Ukiyataja wewe, hana haja ya kuona haya.

Ilifanya jana yake asubuhi. Mchana mawimbi yakamrushia maji, akaitoa betri akaianika juani mpaka jioni. Hapo nikaelewa nusu. Simu za zamani ambazo betri hutoka, zikikaa muda bila umeme husahau saa na kurudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani.

Lakini nusu nyingine haikukaa sawa. Simu iliyorudishiwa betri na yenye laini kwa kawaida hujisahihisha saa yenyewe kutoka kwa mtandao. Hii ilikataa. Nikauliza, "Ami, kuna aliyewahi kuibadilisha saa kwa mkono?"

"Mimi," akasema. "Mbona? Hii simu ilikuja na saa za Kizungu. Saa mbili asubuhi inaniandikia nane. Nikairekebisha isome saa zetu."

Hii ndiyo taarifa ambayo hakuna fundi angeipata kwa kuifungua simu. Ili asome saa za Kiswahili alizima kujisahihisha kwa simu, kisha akairudisha saa nyuma kwa saa sita. Miezi mingi haikumsumbua, kwa kuwa vyeti vile huishi wiki na miezi, na tofauti ya saa sita si kitu. Betri ilipotoka, simu ikasahau, na kwa kuwa alishaizuia isijisahihishe, ikabaki imekaa mwaka 2016. Mambo mawili madogo yalikutana.

Hatua ya 7: Badilisha kitu kimoja, utazame

Kosa la mwisho ni kumwambia mtu afanye mambo matano kwa pamoja. Ikipona hujui kilichoiponya, isipopona hujui ulichoharibu. Kitu kimoja, kisha jaribio lile lile lililokataa mwanzo.

Nilimwelekeza aingie Settings, atafute Date & time. Kwenye simu nyingi iko ndani ya System. Za Samsung huiweka ndani ya General management. Hapo awashe kile kinachoitwa Set time automatically, au kwenye simu nyingine Automatic date & time. Akishaona tarehe imekuwa ya leo, arudi Chrome, afungue gazeti lile lile. Usianze na WhatsApp, kwa sababu Chrome ndiyo iliyotupa ushahidi, nayo ndiyo itakayouthibitisha.

Gazeti likafunguka. Kisha WhatsApp ikafunguka, na jumbe za siku nzima zikamwagika, simu ikawa inalia mfululizo mkononi mwake.

Ikiwa ingekataa bado, ningejua angalau kwamba tarehe si sababu pekee, na ningerudi hatua ya nne kupima upya. Usione haya kurudi.

Ami hakufurahi moja kwa moja, hata hivyo, kwa sababu saa zilikuwa zimerudi za Kizungu. Nami niliona ana haki. Simu ni yake na saa ni zake. Kwenye ukurasa ule ule wa Date & time kuna kitu cha pili, tofauti na cha kwanza: eneo la saa. Cha kwanza ukikiacha kimewashwa, simu inajua wakati wa kweli ndani yake. Cha pili, Set time zone automatically, ukikizima, unaweza kuchagua mji ambao saa yake imetofautiana na yetu kwa saa sita. Nilimchagulia Tokyo, ambayo iko GMT+09:00, nasi tuko GMT+03:00, na ambayo haibadilishi saa zake mwaka mzima. Ukizima mpangilio wa saa 24, saa mbili yetu asubuhi husomeka 2:00, na saa tatu usiku husomeka 3:00. Tarehe nayo hugeuka saa kumi na mbili jioni, jua likizama, kama tunavyohesabu usiku wa Ijumaa kuwa unaanza Alhamisi jioni. Mzee alilipenda hilo kuliko lolote.

Lina kikomo chake, nikamweleza: alama za AM na PM zitakuwa kinyume, mchana utasomeka PM. Na akiweka miadi ya wageni kwenye kalenda ya simu, jioni itamwonyesha tarehe ya kesho. Yeye huandika miadi kwenye daftari, kwa hiyo halikumsumbua. Mtu wa hoteli nisingemshauri.

Pale ambapo "haifanyi" ni pesa

Utaratibu huu una mahali pamoja ambapo lazima uubadilishe: M-Pesa. Mtu akikwambia M-Pesa haifanyi, usimwambie kamwe "jaribu tena" kama jaribio. Mwambie kwanza atazame kama meseji ya uthibitisho imeingia, kisha atazame salio. Muamala unaweza kuwa umepita huku skrini ikiganda au menyu ikikatika, na akirudia atakuwa ametuma mara mbili. Salio likiwa limepungua, pesa imetoka, na kinachotafutwa ni meseji iliyochelewa. Salio likiwa lile lile, basi mnaweza kuendelea kuuliza.

Na katika maswali yako yote, hata kwa mama yako mzazi, usiulize namba ya siri wala zile tarakimu zinazotumwa kwa meseji kuthibitisha akaunti. Huna unalolipata ndani yake. Kama hatua inahitaji namba ya siri, mwambie aiingize mwenyewe na akueleze tu kilichoandikwa baada yake. Walaghai wanaopiga simu huanza vivyo hivyo tulivyoanza sisi, kwa upole na maswali, kisha wakaifikia namba. Wazee wetu wazoee kwamba msaidizi wa kweli haifikii.

Wiki tatu baadaye, ami aliniandikia tena. Safari hii kwa WhatsApp, na kwa maandishi: "Mwanangu, WhatsApp. Maneno yanakwenda, picha haziondoki, zinazunguka tu. Bando liko, nimetazama. Nipo ndani."

Nilimjibu neno moja, "Darini." Baada ya dakika kumi picha zake ziliingia: wageni wanne, magofu ya Takwa, na mashua imefungwa kwenye mikoko maji yakianza kupwa.